Daftari la kila siku kwa mchuuzi wa dagaa Kigoma: kuandika kwa kirefu, kuchora safu au kurekodi sauti?

Ninatunza hesabu za wachuuzi wachache wa dagaa hapa Kigoma. Wananunua mwaloni, Kibirizi au Katonga, wanaanika, wanafunga magunia na kusafirisha. Daftari la mauzo kila mmoja analo. Daftari ninalolizungumzia hapa ni lingine: lile la kuandika kila siku ulivyoamka na nguvu, ulichokosea, na kidogo kilichokwenda vizuri, ili baada ya miezi kadhaa uone kinachojirudia. Nimeona njia tatu zikitumika kwa kazi hiyo. Wapo wanaoandika kwa kirefu kama wanaandika barua, wapo wanaochora safu kwenye kaunta buku, na wapo wanaojirekodi sauti kwenye simu. Kila njia inakuonyesha kitu chake na kukuficha kingine, kwa hiyo ni vizuri ujue unachagua nini kabla hujaanza, maana kubadilisha ukiwa mwezi wa tatu wa kuandika ni kuanza upya.

Kwanza tukubaliane kuhusu kalenda, kwa sababu kwa kazi ya dagaa hilo linatangulia hata uchaguzi wa njia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inavuta samaki kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unazidiwa na boti nyingi zinakaa ufukweni kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kazi ya mchuuzi haina Jumatatu wala Ijumaa. Ina siku za kurudi ziwani baada ya mbalamwezi, ina siku za giza zito ambapo mzigo unajaa, na ina siku za kuelekea mbalamwezi tena, mzigo unapopungua na watu wote wanagombania ndoo zilezile. Mtu akiandika daftari lake kwa Jumatatu hadi Jumapili, kisha akahesabu makosa ya Jumatatu zote kwa pamoja, atakuwa amechanganya siku ya giza na siku ya mwezi kwenye kapu moja, na hataona chochote. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, hivyo haukai sawa na wiki wala na mwezi wa Kizungu.

Ndiyo maana, njia yoyote utakayochagua, kila siku iandikwe tarehe mbili: ile ya kawaida na ile ya mwezi mwandamo. Watu wa Ujiji hawana shida na hili, wengi wanaijua tarehe ya mwezi bila kuuliza. Asiyeijua aanze kuhesabu moja siku mwezi mwembamba unapoonekana magharibi jioni, na aendelee hapo. Kukosea kwa siku moja hakuharibu kitu.

Sasa njia ya kwanza, kuandika kwa kirefu. Jioni unafungua daftari na kuandika mistari mitano au sita jinsi siku ilivyokwenda. Uzuri wake ni kwamba unaandika hata jambo ambalo hujui kama lina maana. Nani alichelewa, boti ziliingia saa ngapi, mteja alisema nini, jua lilikuwaje. Ukiwa hujui bado shida yako iko wapi, hii ndiyo njia inayokupa nafasi ya kuikuta.

Ubaya wake unakuja siku ya kuhesabu. Baada ya miezi mitatu una kurasa mia na zaidi, na swali dogo tu, kwa mfano ni siku ngapi niliamka nimechoka, linakulazimu usome zote. Tena siku hujaandika neno uchovu haina maana hukuchoka. Labda siku hiyo uliandika kuhusu bei. Kurasa za kirefu zinakueleza kilichokuwepo na haziwezi kukueleza kisichokuwepo, na bila vyote viwili huwezi kulinganisha. Kuna na jambo la pili. Anayeandika jioni anaandika kwa hali ya jioni. Akiwa ameuza vizuri saa kumi na moja, asubuhi yote inaandikwa kama ilikuwa nyepesi. Akiwa amezozana na dereva, siku nzima inakuwa mbaya. Ukisoma baadaye unadhani unasoma nguvu za mwili, kumbe unasoma saa ya mwisho ya siku.

Njia ya pili ni safu. Unachukua kaunta buku, unalichora kwa rula, siku moja mstari mmoja. Safu ninazoona zinatosha kwa mchuuzi wa dagaa ni tarehe, tarehe ya mwezi mwandamo, nguvu za asubuhi, nguvu za jioni, saa ya kuanza kuanika, magunia yaliyofungwa, kosa, ushindi mdogo, na safu pana ya mwisho ya neno lolote. Zikizidi hapo mtu anaacha ndani ya wiki mbili. Baadhi ya safu hizo zinahitaji maelezo, kwa sababu zikijazwa ovyo daftari zima linakuwa mapambo.

Nguvu inaandikwa kwa namba, moja hadi tano, na maana ya kila namba iandikwe ndani ya jalada siku ya kwanza. Moja: ningeweza kurudi kulala ningerudi. Mbili: nafanya, lakini kila kitu kinanichukua muda. Tatu: kawaida. Nne: mwepesi. Tano: nimemaliza na bado natafuta kazi nyingine. Bila maneno hayo jaladani, tatu ya Septemba haitakuwa tatu ya Januari, maana mtu anazoea uchovu wake na kuanza kuuita kawaida. Namba ya asubuhi iandikwe kabla ya kwenda mwaloni, na ya jioni iandikwe kabla ya kuhesabu pesa.

Kosa ni kitu kilichokulazimu kurudia kazi, kilichokula pesa, au kilichomfanya mteja alalamike. Kujilaumu kwamba leo sikuchangamka si kosa, hiyo tayari iko kwenye namba ya nguvu. Na kosa linaandikwa kwenye siku lilipotendeka. Hapa ndipo daftari nyingi zinapoharibika, kwa sababu makosa ya dagaa yanajulikana kwa kuchelewa. Gunia lililofungwa na unyevu halinuki siku hiyo. Linasafiri, linafika, linafunguliwa, ndipo mnunuzi anapiga simu kwamba katikati kuna ukungu. Mama mmoja ninayemtunzia hesabu alikuwa anaandika kosa la namna hiyo siku ya simu.

“Mama, gunia hili lilifungwa lini?” nilimuuliza.

“Lile la wiki juzi, mwanangu. Lakini kelele nimezipata leo.”

“Basi liandike kwenye mstari wa siku ile. Leo hukukosea kitu.”

Ili hilo liwezekane, kila gunia liwe na alama ya siku lilipofungwa. Yeye anaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha kiroba na kukifunga pamoja na uzi wa mdomo wa gunia. Kwa safu, kurudi nyuma ni kufunua ukurasa na kujaza kijisanduku. Kwa maandishi marefu ni kubananisha maneno pembeni, na kwa sauti haiwezekani kabisa.

Ushindi mdogo ni kitu kilichokwenda vizuri na ambacho unaweza kukifanya tena. Bei kupanda sokoni si ushindi wako, ni bahati, iandike kwenye daftari la mauzo. Kumpata mvuvi aliyekupigia simu alfajiri kabla hajafika mwaloni, hicho ni kitu unachoweza kukitafuta kesho.

Na siku usiyoandika, chora mstari kwenye nafasi yake, usiiruke. Siku zinazoachwa kwa kawaida ndizo zile za kuchoka kupita kiasi, kwa hiyo ukiziruka unafuta ushahidi wa jambo lenyewe unalolitafuta. Mistari mitupu ikijazana sehemu moja ya mwezi, hilo tayari ni jibu.

Nieleze mfano wa huyo mama kwa kirefu, kwa sababu ndio ulionifanya niwe na msimamo kuhusu njia hizi. Alianza mwaka 2024 ziwa lilipofunguliwa kwa uvuvi tarehe 15 Agosti, baada ya miezi mitatu ya kupumzishwa tangu 15 Mei. Mzunguko wa kwanza aliandika kwa kirefu tu. Alikuwa na hakika moja: makosa yake yanatokea siku za giza zito, kwa sababu mzigo ni mwingi, vibarua ni wengi na yeye halali. Tulipozisoma kurasa zake mwezi ulipokuwa mpevu, Septemba, kulikuwa na makosa mengi kweli katika siku za giza. Lakini kulikuwa na sentensi moja iliyojirudia hapa na pale bila yeye kuitilia maanani: tulichelewa kuanika. Ndipo safu ya saa ya kuanika ilipozaliwa. Mimi nisingeifikiria, na yeye asingeifikiria, kama angeanza moja kwa moja na jedwali.

Kuanzia mwishoni mwa Septemba akachora safu, na akaendelea nazo kwa misimu minne ya giza, hadi wiki ya kwanza ya Januari. Mstari wake mmoja wa Novemba unasomeka hivi: mwezi 7, asubuhi 2, jioni 2, kuanika saa 4:20, gunia 1, kosa: unyevu katikati, mnunuzi kakata kilo tatu, ushindi: hakuna, neno: tulisubiri boti ya pili tangu saa kumi na mbili, ikaja na ndoo chache.

Tukakusanya mistari yote kwa makundi matatu ya mwezi. Siku za kurudi ziwani, mwandamo wa 18 hadi 23: magunia 48, makosa 5. Siku za giza zito, 24 hadi 5: magunia 118, makosa 13. Siku za kuelekea mbalamwezi, 6 hadi 11: magunia 32, makosa 11.

Ukihesabu makosa peke yake, mama alikuwa sahihi, siku za giza zinaongoza. Ukigawa kwa magunia picha inageuka. Siku za kurudi na siku za giza zinalingana, takriban kosa moja kwa kila magunia tisa au kumi. Siku za kuelekea mbalamwezi ni kosa moja kwa kila magunia matatu. Yaani siku alizoziita nyepesi ndizo zilizokuwa zinamla. Hili lisingeonekana bila safu ya magunia, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba daftari lisilo na kipimo cha kazi iliyofanyika haliwezi kukuambia lolote kuhusu makosa. Siku ya kazi nyingi itakuwa na makosa mengi daima.

Swali likawa kwa nini. Namba za nguvu zilikuwa tayari na jibu: asubuhi za siku hizo zilijaa mbili. Karibu wiki tatu mfululizo za kuamka saa tisa usiku zinachosha, na ingekuwa rahisi kufunga daftari hapo na kusema apumzike. Lakini tuliangalia ni makosa gani. Kati ya yale 11, saba yalikuwa ya aina moja, gunia kufungwa na unyevu. Tukaziweka siku za kundi hilo pande mbili. Siku alizoanza kuanika kabla ya saa nne asubuhi zilikuwa kumi, na gunia la unyevu lilitokea siku moja. Siku alizoanza baada ya saa nne zilikuwa tisa, na sita kati ya hizo zilitoa gunia la unyevu. Kisha tukatafuta siku za giza zito alizochelewa hivyohivyo. Zilikuwa chache, tano tu, na tatu kati yake zilikuwa na kosa lilelile. Hapo ndipo tulipoamini. Kama sababu ingekuwa mwezi au uchovu, kuchelewa kusingeleta unyevu hata siku za giza, wakati mzigo ni mwingi na yeye yuko katikati ya msimu.

Maelezo yake ni mepesi ukishaona. Mzigo ukipungua, wachuuzi wanakaa mwaloni wakisubiri boti nyingine. Dagaa wabichi wanafika kwenye chanja saa nne au saa tano badala ya saa moja na nusu. Dagaa wanahitaji jua la siku nzima. Walioanikwa saa nne na nusu wanakauka nje jioni, ukiwashika wanakatika, lakini walio chini ya tabaka bado wana maji. Kwa kuwa mzigo ni mdogo na lori linasubiri, wanafungwa. Mvua ilichangia, ilianza kunyesha katikati ya kipindi hicho, na siku zenye mvua aliziwekea alama ya nukta ili tuzitoe pembeni. Hata tulipozitoa, siku za kuchelewa zilibaki na makosa mengi kuliko siku za mapema.

Makosa yaliyobaki ya kundi hilo, ya kupima kilo pungufu na kutuma pesa namba isiyo yake, yalitokea yote jioni za namba moja au mbili. Hayo ndiyo ya uchovu. Kwa hiyo daftari moja lilikuwa na magonjwa mawili yaliyofanana kwa nje, na kila moja lilitaka dawa yake.

Alibadilisha kitu kimoja tu kwanza: dagaa walioanikwa baada ya saa nne hawafungwi siku hiyo, wanafunikwa turubai usiku juu ya chanja na kumaliziwa kesho asubuhi. Misimu miwili iliyofuata alipata gunia moja la unyevu, la siku ya mvua. Cha kutuma pesa alikishughulikia baadaye, kwa kumwachia binti yake simu ya miamala ikifika saa kumi na mbili jioni. Ukibadilisha viwili kwa pamoja huwezi kujua kipi kilisaidia. Machi 2025 ilipoingia na Ramadhani, namba za jioni zilishuka zote, naye akaandika neno Ramadhani pembeni mwa kurasa hizo ili zisije zikalinganishwa na Februari.

Kwenye safu ya ushindi kulijitokeza jambo moja zuri ambalo hakuwa akilitafuta. Asubuhi zote alizoandika ushindi wa kununua mapema na kwa bei ya haki zilikuwa na mvuvi aliyempigia simu bado yuko majini. Hakuwa mvuvi mmoja. Walikuwa wale aliowahi kuwalipa palepale bila kukopa. Sasa ana majina yao kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari na anahakikisha deni lao halilali.

Njia ya tatu, sauti, nitaipitia haraka. Mtu anajitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp akiwa anarudi kutoka mwaloni, mikono ina magamba, na dakika moja inatosha. Kwa anayesoma kwa shida, au anayeendesha bodaboda kati ya Katonga na Mwanga, hakuna njia iliyo nyepesi zaidi, na sauti inabeba hali ya mtu ambayo namba haiwezi kuibeba. Lakini haihesabiki. Sauti mia moja na hamsini za dakika moja ni saa mbili na nusu za kusikiliza, na hakuna anayesikiliza. Simu ikipotea au ikiingia maji imekwenda na miezi yote. Anayeipenda aitumie kama kumbukumbu ya mchana tu: arekodi akiwa kazini, na jioni asikilize ya siku hiyo moja na kujaza mstari wa kaunta buku, kisha aifute.

Wengine wananiuliza kuhusu Excel au Google Sheets kwenye simu. Hizo ni safu zilezile, zinachofanya haraka ni kuhesabu. Ukiwa na tarehe ya mwezi mwandamo kwenye safu B, magunia kwenye E na idadi ya makosa kwenye F, makosa kwa gunia ya siku za 6 hadi 11 yanapatikana kwa mstari mmoja:

```
=SUMIFS(F:F,B:B,">=6",B:B,"<=11")/SUMIFS(E:E,B:B,">=6",B:B,"<=11")
```

Kwa mtu anayekaa mezani inafaa sana. Kwa mtu aliye mwaloni mwenye mikono iliyolowa, skrini inagoma na kidole kinajaza kijisanduku cha jirani bila yeye kujua, na kosa hilo halionekani tena. Mimi nashauri karatasi kila siku na simu mara moja kwa mzunguko, mtu akiwa amekaa, boti zikiwa zimefungwa kwa sababu ya mwezi. Siku hizo za mapumziko ndizo za kusoma daftari.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kama hujui kabisa kinachokusumbua, anza kwa kirefu, lakini kwa mzunguko mmoja tu wa mwezi, kisha soma ukitafuta sentensi zinazojirudia na uzigeuze safu. Kama tayari una dhana, anza na safu, na uhakikishe dhana yako ina safu yake na ya mpinzani wake pia: anayeshuku uchovu aandike na saa ya kuanza kazi, anayeshuku vibarua aandike na ukubwa wa mzigo. Njia ambayo sishauri mtu aitegemee peke yake kwa miezi mingi ni maandishi marefu, pamoja na kwamba ndiyo inayopendeza kuandika. Yanaridhisha jioni ile ile na yanakunyima jibu mwishoni.

Kwa kazi nyingine mizani inahama. Fundi cherehani wa Mwanga anafuata wiki, sikukuu na ufunguzi wa shule Januari, mwezi mwandamo haumhusu ila wiki za kuelekea Idi. Kipimo chake cha kazi ni nguo alizokata, na kosa liandikwe siku ya kukata, hata kama mteja ameligundua siku ya kujaribu nguo. Muuza duka la dawa mwenye zamu anahitaji safu ya zamu kabla ya safu nyingine yoyote. Karani aliyeajiriwa ana swali la kujiuliza kwanza, nalo ni nani atakayelisoma daftari. Daftari linaloweza kufunguliwa na mwajiri litajaa ushindi na makosa yatapotea, hata kwa mtu mkweli. Bora akae nalo nyumbani, aandike makosa yake mwenyewe tu, na majina ya wenzake yasiwemo. Huyo mama naye alipoanza kuwaandikia vibarua makosa yao, ndani ya siku chache walianza kumficha magunia waliyoyafunga vibaya. Akaacha, akabakiza safu moja ya kosa bila jina la mtu, na taarifa zikarudi.

Muda wa kusubiri ni mizunguko mitatu kwa uchache kabla hujabadilisha chochote. Jambo lililotokea mzunguko mmoja linaweza kuwa mgeni aliyefika, mgonjwa nyumbani, mvua ya siku mbili. Likijirudia wa pili, lichunguze. Likijirudia wa tatu mahali palepale pa mwezi, chukua hatua. Ukipanga kuanza sasa, angalia pia lini ziwa litapumzishwa. Ukianza Aprili, na ziwa likafungwa Mei kama mwaka 2024, utapata mzunguko mmoja tu kabla ya miezi mitatu bila dagaa wabichi, na utakaporudi Agosti bei, jua na nguvu zako vitakuwa tofauti kiasi kwamba kurasa za kabla ya kufungwa hazitakusaidia kulinganisha. Chora kaunta buku mwezi wa Julai, andika maana za namba jaladani, na uanze siku boti zinaporudi ziwani.